Miezi 36 ya PMP: namna ya kuhesabu na kuandika uzoefu wako kabla ya kujaza maombi

Swali linaloulizwa kila mara ni lile lile: "Nimefanya kazi za miradi miaka minne, je, masaa yangu yanatosha kuomba PMP?" Barua ya ajira haiwezi kukujibu. Miaka minne kazini inaweza kuwa miezi 48 ya uzoefu, inaweza kuwa 35, na tofauti hiyo ndiyo inayowafanya watu waliolipia kozi na kusoma usiku kucha wakwame kwenye fomu. Mwongozo huu unahusu hatua hiyo tu: kuhesabu uzoefu na kuuandika, kabla hujafungua maombi kwenye tovuti ya PMI, taasisi inayotoa cheti cha PMP cha usimamizi wa miradi.

Tuanze na hayo masaa. Zamani fomu ya PMP ilidai saa 4,500 za kuongoza miradi kwa mwenye shahada, na saa 7,500 kwa asiye nayo. Ukigawanya saa 4,500 kwa miezi 36, au saa 7,500 kwa miezi 60, unapata saa 125 kwa mwezi pande zote mbili. PMI waliacha kuhesabu saa, na fomu ya sasa inauliza miezi. Miongozo ya zamani bado inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ndiyo maana watu wanaendelea kujumlisha saa ambazo hakuna atakayewauliza.

Saa zilizobaki kwenye masharti ni 35 tu, nazo ni za mafunzo ya usimamizi wa miradi, yaani muda uliokaa darasani au kwenye kozi ya mtandaoni. Hizo hazihusiani na uzoefu wa kazi. Huwezi kuziba pengo la miezi kwa kozi nyingine, wala kuziba pengo la kozi kwa miaka mingi kazini. Mwenye CAPM, cheti cha PMI cha ngazi ya mwanzo, ambacho hakijaisha muda haombwi hizo saa 35.

Kiwango cha miezi kiko hivi. Mwenye shahada ya kwanza anahitaji miezi 36 ya kuongoza miradi. Aliyeishia sekondari au stashahada anahitaji miezi 60. Yote iwe ndani ya miaka 8 inayohesabiwa kurudi nyuma kutoka siku unayotuma maombi. PMI hubadilisha masharti mara kwa mara, kwa hiyo pakua `PMP Handbook` kutoka tovuti yao siku ile ile unayoanza kuhesabu, usitumie nakala uliyorushiwa na rafiki mwaka juzi.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Mikataba ya ajira au barua za uteuzi, hasa zile zinazoonyesha tarehe ulipopewa mradi. Tarehe ya kuajiriwa haitoshi.
- Nyaraka za miradi yenyewe: barua ya kuanza mradi, mpango kazi, ripoti za mwezi au robo mwaka, muhtasari wa vikao, hati ya makabidhiano.
- Barua pepe za zamani. Mara nyingi ndizo pekee zinazokumbuka mwezi ambao wewe umeusahau.
- Majina, namba na barua pepe za sasa za watu waliokuona ukiongoza kila mradi.
- Cheti cha elimu yako ya juu kabisa na cheti cha zile saa 35.
- Excel au karatasi kubwa ya mistari. Jedwali litakuwa na mistari 96, mmoja kwa kila mwezi wa miaka 8.

Tenga jioni mbili. Ya kwanza ni ya kuhesabu, ya pili ni ya kuandika. Ukichanganya kazi hizi mbili utajikuta unarembesha maelezo ya mradi ambao baadaye utagundua hauhesabiki.

Hatua ya 1: Orodhesha kila kitu, kisha uondoe kisicho mradi

Andika kila kazi unayodhani ni mradi. Halafu ipime kila moja kwa maswali mawili: ilikuwa na mwanzo na mwisho? Ilizaa kitu mahususi ambacho hakikuwapo, kama jengo, mfumo, huduma mpya au tukio la kikazi? Kazi inayojirudia kila mwezi bila kikomo ni uendeshaji. Kulipa mishahara, kuhudumia mitambo, kusimamia zamu za hospitali na kujibu simu za wateja ni kazi nzito na za heshima, lakini haziingii hapa.

Ondoa pia miradi ya shuleni na ya binafsi. Utafiti wa mwaka wa mwisho chuoni hauhesabiki, wala kujenga nyumba yako kijijini, wala kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi hata kama bajeti yake ilikuwa ya mamilioni. Uzoefu unaotakiwa ni wa kitaaluma.

Hatua ya 2: Tenga miezi uliyoongoza na miezi uliyoshiriki

Hapa ndipo wengi wanapojipunja au kujidanganya. PMI hawaangalii kama cheo chako kilikuwa "meneja wa mradi". Wanaangalia kama uliongoza na kuelekeza kazi. Mhandisi wa eneo la ujenzi, afisa programu wa shirika, mratibu wa chanjo wa wilaya, mkuu wa timu ya kompyuta: wote wanaweza kuwa waliongoza miradi bila cheo hicho kuandikwa popote. Wasijinyime.

Kwa upande wa pili, kuwa kwenye timu hakutoshi. Kama ulikuwa mhasibu wa mradi na kazi yako ilikuwa kuandaa hundi, hiyo miezi si yako. Iwapo baadaye ulikabidhiwa mradi huo uuongoze, anza kuhesabu mwezi ule ulipokabidhiwa.

Kipimo rahisi: kwa kila mwezi, jiulize ni uamuzi gani ulikuwa wako. Ulipanga ratiba? Uligawa kazi? Ulifuatilia bajeti? Uliamua la kufanya kazi ilipochelewa? Ukipata majibu, mwezi ni wako. Ukikuta kila uamuzi ulikuwa wa mtu mwingine na wewe ulitekeleza, uache.

Hatua ya 3: Weka tarehe za kweli za kila mradi

Mradi unaanza siku ulipoanza kuushughulikia rasmi na unaisha siku ulipokabidhiwa au kufungwa. Usitumie tarehe za mkataba wa mfadhili bila kuzichunguza. Mkataba unaweza kusema Januari wakati fedha ziliingia Aprili na hakuna kilichofanyika kabla ya hapo.

Mwisho wa mradi una mtego wake. Mfumo wa kompyuta ukishawashwa, kisima kikishakabidhiwa kwa kamati ya maji, kinachofuata ni matumizi na matengenezo. Miezi ile uliyobaki ukijibu malalamiko ya watumiaji ni uendeshaji, hata kama bado ulikuwa unalipwa kwa bajeti ya mradi.

Andika mwezi na mwaka, kisha pembeni andika ushahidi wa kila tarehe: "barua ya uteuzi, 3 Machi", "hati ya makabidhiano, 24 Februari". Tarehe isiyo na ushahidi iwekee alama ya kuuliza, uirudie baadaye.

Hatua ya 4: Panga miezi kwenye jedwali, na kila mwezi uhesabu mara moja

Hii ndiyo kanuni inayoangusha watu wengi kuliko zote. Ukiongoza miradi miwili mwezi mmoja, huo ni mwezi mmoja wa uzoefu. Hata ukiongoza mitano. Miezi inayogongana haijumlishwi.

Kwenye Excel, safu ya A weka miezi 96, kuanzia miaka 8 iliyopita hadi sasa, kutoka mstari wa 2 hadi wa 97. Safu ya B hadi F weka miradi yako, mmoja kwa kila safu. Andika 1 kwenye kila mwezi ulioongoza mradi huo. Safu ya G, mstari wa 2, andika fomula hii kisha uiburute hadi mstari wa 97:

```
=IF(SUM(B2:F2)>0,1,0)
```

Chini kabisa, kwenye G98, jumlisha:

```
=SUM(G2:G97)
```

Namba inayotokea hapo ndiyo miezi yako. Kwa walioko Kongo au Burundi wanaotumia Excel ya Kifaransa, fomula ya kwanza ni `=SI(SOMME(B2:F2)>0;1;0)` na ya pili ni `=SOMME(G2:G97)`. Ukiwa na miradi zaidi ya mitano, ongeza safu, usogeze safu ya jumla na urekebishe herufi kwenye fomula.

Tuchukue mfano tuuhesabu hadi mwisho. Afisa mradi wa shirika moja mkoani Dodoma, mwenye shahada, ana miradi minne:

- Visima vijijini: Machi 2021 hadi Februari 2022.
- Mfumo wa kumbukumbu za bohari: Oktoba 2021 hadi Septemba 2022.
- Vyoo vya shule wilayani Kilosa: Januari 2023 hadi Desemba 2023.
- Umeme wa jua kwenye zahanati: Agosti 2023 hadi Julai 2024.

Kila mradi una miezi 12. Akijumlisha juujuu anapata 48, anafurahi, anaanza kujaza fomu. Jedwali linasema vingine. Visima na mfumo wa bohari viligongana kuanzia Oktoba 2021 hadi Februari 2022, miezi 5, kwa hiyo kuanzia Machi 2021 hadi Septemba 2022 ana miezi 19. Vyoo na umeme wa jua viligongana Agosti hadi Desemba 2023, miezi 5 tena, kwa hiyo Januari 2023 hadi Julai 2024 ni miezi 19. Jumla 38. Bado amevuka 36.

Lakini anaporudia hatua ya 3 anaona kwamba mfumo wa bohari ulikabidhiwa mwisho wa Juni 2022. Julai, Agosti na Septemba alikuwa anawasaidia watunza bohari waliosahau nywila na kurekebisha ripoti. Hiyo ni miezi 3 ya uendeshaji. Akiitoa anabaki na 35. Amepungukiwa mwezi mmoja, na kama angetuma maombi bila kugundua, na kukaguliwa, hati ya makabidhiano ya Juni ingemuumbua.

Anarudi kwenye barua pepe zake. Anakuta Oktoba na Novemba 2024 aliongoza kuhamisha bohari ya shirika kutoka jengo moja kwenda jingine: alipanga ratiba, aliajiri wabebaji, alisimamia bajeti, alikabidhi ghala jipya. Hakuwahi kuuita mradi kwa sababu ulikuwa mfupi. Ni mradi, na una miezi 2 ambayo haigongani na chochote. Sasa ana 37, na kila mwezi una karatasi nyuma yake.

Ndiyo maana hatua ya kwanza inakutaka uorodheshe kila kitu. Miradi midogo iliyofanyika katikati ya miradi mikubwa ina thamani kubwa kuliko mradi mkubwa wa tatu uliofanyika sambamba na mingine miwili.

Ushauri wetu: usitume maombi ukiwa na 36 kamili. Bakiza angalau miezi miwili au mitatu ya ziada, ili mkaguzi akikataa mradi mdogo usianguke chini ya kiwango.

Hatua ya 5: Weka saa kwa faida yako mwenyewe

Fomu haiulizi saa, lakini safu moja ya saa kwenye jedwali lako inasaidia. Ule wastani wa zamani wa saa 125 kwa mwezi unakupa picha ya mwezi uliojaa kazi ya mradi. Mwezi ulioweka 1 huku ukikumbuka kwamba ulihudhuria kikao kimoja tu cha saa mbili ni mwezi dhaifu. Hutakuwa na la kumwambia mtu akikuuliza ulifanya nini. Kwa miradi inayoendelea sasa, andika saa kila Ijumaa kabla hujafunga kompyuta: tarehe, mradi, saa, ulichoamua. Mstari mmoja unatosha. Ukisubiri miaka mitatu utakuwa unabuni.

Hatua ya 6: Tafuta wa kuthibitisha kila mradi, na uongee naye kwanza

Kila mradi unahitaji mtu anayeweza kusema kwa sahihi yake kwamba kweli uliuongoza kwa tarehe ulizoandika. Bosi wako wa wakati huo ndiye wa kwanza kufikiriwa, ila si lazima awe yeye. Mteja, mwakilishi wa mfadhili au mwenzako aliyeufahamu mradi vizuri anaweza kuthibitisha. Ndugu yako hafai.

Usimwandike mtu kwenye fomu bila kumwambia. Mpigie, msalimie vizuri, mkumbushe mradi, kisha umtumie maelezo utakayoandika. Ujumbe kama huu unatosha:

"Shikamoo mzee. Natumaini u mzima. Ninaomba mtihani wa PMP na nimekuweka kama shahidi wa mradi wa vyoo vya Kilosa, Januari hadi Desemba 2023. Nimeambatanisha maelezo yangu. Naomba uyapitie, na ukiona tarehe au jambo lisilo sawa unirekebishe kabla sijatuma."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Bosi anayekumbuka kwamba mradi uliisha Novemba, wakati wewe umeandika Desemba, ni heri akuambie leo kuliko awaandikie PMI.

Hatua ya 7: Andika maelezo ya kila mradi

Fomu itakuuliza jina la mradi, shirika, cheo chako, tarehe, ukubwa wa timu, bajeti, na mbinu mliyotumia, ambapo utachagua kati ya `Predictive`, `Agile` na `Hybrid`. Mradi wa ujenzi wenye mpango uliowekwa tangu mwanzo ni wa kwanza. Mfumo unaojengwa kwa vipande vya wiki mbili mbili ni wa pili. Mchanganyiko ni wa tatu.

Kisha yanakuja maelezo ya maneno 200 hadi 500 kwa kila mradi. Maombi hujazwa kwa Kiingereza, lakini andika rasimu kwa Kiswahili kwanza. Kumbukumbu zako ziko kwa lugha uliyofanyia kazi, na ukianza kwa Kiingereza utajikuta unaokota maneno makubwa ya vitabuni badala ya kusema ulichofanya.

Maelezo yawe na lengo la mradi, nafasi yako, ulichofanya toka kuanza hadi kufunga, na matokeo. Kwa mradi wa `Predictive`, pitia hatua tano kwa mpangilio: kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kudhibiti, kufunga. Msomaji wa PMI anatafuta dalili kwamba uligusa hatua hizo, si kwamba ulijenga vitu vingi.

Haya ni maelezo yatakayorudishwa:

"Mradi huu muhimu uliboresha maisha ya wanafunzi wengi wilayani Kilosa. Tulijenga vyoo vya kisasa kwa ushirikiano mzuri na jamii, na tulifanikiwa kwa kiwango kikubwa."

Humu hakuna mtu aliyefanya chochote. "Tulijenga" ni ya timu nzima, na hakuna hata uamuzi mmoja wa mwombaji. Linganisha na haya, yaliyofupishwa:

"Lengo lilikuwa kujenga matundu 48 ya vyoo katika shule 4 za msingi ndani ya miezi 12. Nilikuwa kiongozi wa mradi, nikisimamia timu ya watu 9. Niliandaa hati ya kuanzisha mradi na orodha ya wadau, nikapata idhini ya mkurugenzi. Niliandaa ratiba, bajeti na rejista ya hatari, na nikaweka mvua za masika kuwa hatari ya kwanza. Niligawa kazi kwa mafundi, nikaongoza vikao vya kila wiki na kukagua vifaa vilivyopokelewa. Aprili, barabara ilipokatika na kazi kuchelewa wiki 3, nilipima maendeleo dhidi ya ratiba, nikaomba idhini ya mabadiliko na kuwahamishia mafundi kwenye shule 2 zilizofikika. Niliongoza ukaguzi wa mwisho, nikakabidhi vyoo kwa kamati za shule, nikafunga mikataba ya wakandarasi na kuandika mafunzo tuliyopata. Matundu yote 48 yalikabidhiwa Desemba ndani ya bajeti."

Karibu kila sentensi ina kitenzi chenye "ni-". Ile ya Aprili ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu inaonyesha tatizo, kipimo, uamuzi na idhini katika mstari mmoja. Kila mradi wako una Aprili yake. Itafute uiandike.

Makosa ya hatua hii ni machache lakini yanarudiwa sana. La kwanza ni kunakili maelezo ya mradi mmoja na kubadilisha jina la mahali. Miradi ya visima inafanana, ndiyo, ila matatizo yake hayafanani, na msomaji akiona aya tatu zinazofanana anakuwa na haki ya kushuku. La pili ni kununua au kuomba maelezo ya mtu mwingine aliyefaulu. Hayo hayatalingana na tarehe zako, wala shahidi wako hatayatambua. La tatu ni kujaza istilahi bila tendo: "nilitumia kanuni bora za usimamizi wa wadau" haisemi kitu, "niliitisha kikao na wenyeviti wa vijiji 4 baada ya mgogoro wa eneo la kujenga" inasema.

Kama mradi una siri za mteja, ficha jina la bidhaa na takwimu za kibiashara. Kazi uliyofanya haina siri.

Hatua ya 8: Fungua maombi ukiwa tayari

Ukishaanza maombi kwenye akaunti yako ya PMI una siku 90 za kuyamaliza. Kwa hiyo usiyafungue "kuangalia tu". Jedwali likikamilika, mashahidi wakishakubali na maelezo yakishasahihishwa, ndipo ufungue na kunakili kutoka faili lako. Hifadhi faili hilo pamoja na nakala za vyeti mahali pamoja. Ukikubaliwa una mwaka mmoja wa kufanya mtihani, na ndani yake unaruhusiwa kujaribu hadi mara tatu.

Baadhi ya maombi huchaguliwa kwa bahati nasibu kukaguliwa. Kuchaguliwa si dalili ya kushukiwa. Utatakiwa kuwasilisha nakala ya cheti cha elimu, cheti cha saa 35 na uthibitisho uliosainiwa wa miradi uliyoiandika, na una siku 90 kufanya hivyo. Aliyefuata hatua ya 6 anamaliza kazi hii ndani ya wiki mbili. Aliyeandika majina bila kuongea na watu ndiye anayehangaika hadi siku ya 89.

Mambo yakikwama

*Bosi amefariki, amehama nchi au hapokei simu.* Mtafute mtu mwingine aliyeujua mradi: mteja aliyepokea kazi, afisa wa halmashauri aliyekagua, mwenzako uliyefanya naye. Fanya hivi kabla ya kutuma, kwa sababu jina lililo kwenye fomu ndilo linalotarajiwa kusaini. Kama ukaguzi umeshaanza ndipo ukagundua hapatikani, waandikie PMI mara moja ueleze, usisaini kwa niaba yake hata kama unajua angekubali.

*Shirika limefungwa.* Mradi bado unahesabika. Watu hawakufungwa pamoja na ofisi, na shahidi anaweza kuwa mahali pengine sasa. Hati za makabidhiano ulizohifadhi ndizo zitakazokusaidia kumkumbusha tarehe.

*Unafanya kazi za kujitegemea.* Mteja ndiye shahidi wako. Weka kila kazi kama mradi wake, kwa tarehe za mkataba huo. Miezi ya kutafuta wateja katikati usiihesabu.

*Maelezo yamerudishwa.* Soma tena ukipigia mstari kila kitenzi. Ukikuta vitenzi vingi ni "tuli-" au "ilifanyika", hapo ndipo tatizo lilipo. Kisha angalia kama hatua ya kufunga ipo, maana ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Watu wanaandika ujenzi ulivyokwenda na kuishia hapo, bila makabidhiano wala kufunga mikataba.

*Jumla imeshuka bila wewe kuondoa kitu.* Dirisha la miaka 8 linasogea. Kila mwezi unaochelewa, mwezi mmoja wa nyuma unatoka. Yule afisa wa Dodoma akisubiri hadi Aprili 2029, mwezi wake wa Machi 2021 utakuwa umeshaondoka kwenye hesabu. Panga jedwali upya kila unapoahirisha, na kama miezi ya mwanzo ndiyo inayokubeba, tuma kabla haijadondoka.

*Umepungukiwa miezi mitatu au minne na barua pepe hazina kitu.* Usivute tarehe. Ukaguzi ukikukuta na ukashindwa kutoa uthibitisho, unazuiwa kuomba kwa mwaka mzima, wakati miezi minne ungeipata kwa kumalizia mradi ulio nao mezani sasa hivi. Zungumza na mkuu wako akukabidhi rasmi sehemu ya kuongoza, kwa barua au hata barua pepe yenye tarehe, na siku hiyo hiyo uanze kujaza mstari mpya kwenye jedwali.